Mtandao umekata katikati ya usaili: nani amwombe nani radhi?

Binti wa Makorora: Jamani naombeni ushauri. Juzi Alhamisi nilikuwa na usaili wa Zoom, nafasi ya karani wa ghala, kampuni iko Dar. Saa nne kamili asubuhi nabonyeza linki, inaniandikia "This meeting link is invalid". Nikahangaika mpaka saa nne na robo, ndipo nikaingia kwa kuandika namba ya mkutano kwa mkono. Nimejitambulisha tu, mtandao ukakata, na bando lilikuwepo. Uliporudi, kama nusu saa baadaye, mkutano umeshafungwa. Kaka anasema nisiombe radhi, linki ni yao. Mama anasema niombe. Leo Jumamosi sijaandika chochote. Niombe au nisiombe, na niseme nini?

Kijana wa Chumbageni: Kaka yako yuko sahihi. Ukiandika "naomba radhi" umeshakubali kosa, na kosa si lako. Linki mbovu wametuma wao, mtandao ni wa kampuni ya simu. Waandikie kwamba linki yao haikufanya kazi na unasubiri tarehe mpya, basi. Sisi watafuta kazi tumezoea kujishusha mpaka kwa mambo yasiyotuhusu.

Mzee wa Pongwe: Binti yangu, pole. Kijana wangu naye aliitwa usaili Dodoma na Sekretarieti ya Ajira, basi likaharibika njiani, akafika watu wameshaingia kwenye chumba cha mtihani. Hakusikilizwa. Safari nyingine alale kulekule siku moja kabla.

Fundi wa Ngamiani: Mzee shikamoo. Huyu hakusafiri, usaili wake ulikuwa wa kwenye simu, kampuni binafsi. Hapo kuna nafasi ya kuongea.

Bibie, hebu fungua ule mwaliko kwenye baruapepe. Linki ya Zoom ina tarakimu baada ya `/j/`, na chini yake kuna mstari wa `Meeting ID`. Tarakimu hizo zinatakiwa zilingane. Linganisha moja moja.

Binti wa Makorora: Hazilingani! Kwenye linki ziko kumi, chini ziko kumi na moja. Ya mwisho haipo.

Fundi wa Ngamiani: Ndio maana. Aliyeandaa mwaliko alinakili linki ikakatika mwishoni. Ulipoandika namba nzima ukaingia, kwa hiyo mkutano wenyewe ulikuwepo. Na jambo la pili: kama walitumia akaunti ya bure, Zoom inakata mkutano dakika ya 40. Usije ukadhani jopo lilikufungia mlango kwa hasira. Huenda ulifungwa na programu yenyewe.

Kijana wa Chumbageni: Mmeona? Linki yao. Radhi ya nini tena?

Shangazi wa Raskazone: Mwanangu, nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka mingi, nikiwa afisa rasilimali watu. Ngoja nieleze kinavyokuwa upande wa pili wa meza.

Jopo mara nyingi ni watu watatu, na kila mwombaji amepangiwa kama nusu saa. Mmoja asipoonekana, tunasubiri kidogo, kisha kwenye karatasi yake ya alama tunaandika "hakuhudhuria", tunamwita anayefuata. Jioni karatasi zinakusanywa. Ujumbe ukitufikia kabla ya hapo, hata SMS ya mstari mmoja, mtu anaweza kuwekwa mwisho wa orodha siku ileile. SMS haihitaji bando, na inapita hata pale intaneti inapokuwa imelala. Ukija baada ya siku mbili, inabidi mtu awaombe wenzake wakae upya kwa ajili yako. Hilo ndilo zito, kuliko mtandao wenyewe.

Kwa hiyo kijana wangu wa Chumbageni yuko sawa nusu. Linki asiiombee radhi. Mtandao nao ataje tu kwamba ulikatika. Lakini siku mbili za kimya ni zake, na hizo ndizo za kuombea radhi.

Kijana wa Chumbageni: Shangazi, nakuheshimu, ila Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima, na sikusikia mwajiri akidai kuombwa radhi. Leo mtaa mmoja Tanga unakatika, masikini ndiye apige magoti?

Shangazi wa Raskazone: Ile siku na Dar walikuwa wanahangaika, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Alhamisi ya juzi Dar walikuwa hewani, wameona jina limeingia na kupotea. Hawajui kama ni mtandao au umeghairi.

Fundi wa Ngamiani: Na kupotea huko wanaweza kukuona. Akaunti za kulipia za Zoom zina ripoti ya waliohudhuria, saa ya kuingia na ya kutoka. Ndiyo maana nasema usiongeze chumvi. Mtu anaandika "nilikuwa hewani muda wote" na ripoti inaonyesha dakika mbili. Ila zile dakika 15 za linki mbovu hazionekani kwao, maana hukuwa umefika kwenye mkutano wao. Hapo ndipo picha ya skrini ingekusaidia. Ulipiga?

Binti wa Makorora: Sikupiga. Nipige leo? Linki bado inaleta maneno yaleyale.

Fundi wa Ngamiani: Ya leo itaonyesha ni ya leo, usiwaambie ni ya Alhamisi. Na wala huihitaji. Ushahidi uko ndani ya mwaliko wao, wakihesabu tarakimu wataona.

Shangazi wa Raskazone: Jibu kwenye baruapepe ileile ya mwaliko, usianzishe mpya, ili wakifungua waone jina lako na saa yako bila kutafuta. Andika hivi:

"Habari za kazi. Mimi ni mwombaji wa nafasi ya karani wa ghala, usaili wa Alhamisi saa 4:00 asubuhi. Linki ya kwenye mwaliko inapungua tarakimu moja ikilinganishwa na namba ya mkutano, hivyo niliingia saa 4:15 kwa namba hiyo. Muda mfupi baadaye mtandao wa huku Tanga ulikatika, na uliporudi mkutano ulikuwa umefungwa. Naomba radhi kwa kutowajulisha siku hiyohiyo. Kama nafasi bado ipo, niko tayari Jumatatu au Jumanne, kwa Zoom au kwa simu ya kawaida. Namba yangu ni ileile iliyo kwenye barua ya maombi."

Basi. Habari za mama kuumwa na umeme kukatika usiziweke. Tumezisoma sana, hata za kweli zinaonekana za uongo. Itume leo, na Jumatatu asubuhi piga simu mara moja kuuliza kama imefika.

Mama Kange: Mie ningeongeza "samahani sana kwa usumbufu" hapo mwanzo. Adabu haimpotezei mtu kitu.

Kijana wa Chumbageni: Na mie ningeitoa hata hiyo moja. Wao waliotuma linki pungufu wataomba lini?

Shangazi wa Raskazone: Wengine huomba, wengine hawaombi. Nimefanya kazi na wa aina zote mbili. Ila hiyo ya tarakimu isitolewe, maana kama mwaliko ulikuwa mmoja kwa wote, hayuko peke yake aliyekwama, na jopo linaweza kulazimika kuita watu upya. Hapo anasaidika bila kubembeleza.

Binti wa Makorora: Nimetuma kama ulivyoandika, shangazi. Asante. Kaka amenuna.

*(Jumatatu)*

Binti wa Makorora: Nimepiga. Dada wa mapokezi kasema imefika, wanazungumza, hajaniahidi kitu. Ila kaniuliza ile tarakimu iliyokosekana ni ipi.

Fundi wa Ngamiani: Wakikutumia linki nyingine, kabla hujashukuru, hesabu.