Mteja wangu ndiye anayeniuzia: tukatane vipi madeni?

Mwanaisha, Ngamiani:
Wenzangu wa Mombasa tulio huku Tanga, nisaidieni. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Seremala jirani yangu amechukua mbao na vanishi kwa mkopo, shilingi 4,720,000 pamoja na kodi. Nami nimechukua kwake milango 10, kila mmoja 295,000, jumla 2,950,000. Mlango mmoja umepinda, haufungi. Yeye ataka tuchane ankara zote, nimwandikie moja ya tofauti, 1,770,000. Nikubali?

Bakari:
Mie ningekubali, dada. Kodi yako ya mauzo ni 720,000, ya milango ni 450,000, tofauti 270,000. Na ankara ya 1,770,000 ina kodi hiyo hiyo ya 270,000. Serikali haipunjwi hata senti.

Mama Rehema, Chumbageni:
Bakari, tofauti ya kodi umeipata, ila mauzo umeyazika. Mwanaisha ameuza 4,000,000 kabla ya kodi. Kitabu kitasema 1,500,000. Seremala naye ataonekana hakuuza mlango hata mmoja, na risiti za EFD mlizopeana TRA wanaziona. Mwanangu, ankara ziacheni zilivyo. Kinachokatwa ni deni tu.

Kwanza linganisheni vitabu, ankara kwa ankara. Mlango wenye ugomvi uwekeni kando, mkatane ya ile 9: 2,655,000. Andikeni karatasi yenye tarehe na namba za ankara, mtie saini wote wawili. Kisha kwenye leja yako:

```
Dr  Deni la kulipa: seremala      2,655,000
Cr  Deni la kudai: seremala       2,655,000
```

Anabaki kukulipa 2,065,000, nawe kwake una 295,000 ya mlango ule. Angalieni hapa: duka moja nililoliwekea hesabu lilipunguza upande wa wateja tu. Mwisho wa mwezi karani akaona deni la muuzaji bado liko wazi, akalilipa taslimu. Tulilijua tulipoomba taarifa ya hesabu kwa muuzaji, ikaonyesha pesa zetu zilizozidi kwake badala ya sifuri.

Juma, Horohoro:
Na mie je? Nadaiwa na duka la Mombasa, na ndugu wa mwenye duka yuko Tanga, namdai. Si nikate tu?

Mama Rehema:
Ndugu si yeye, Juma. Hizo ni biashara mbili. Labda mtie saini watatu. Tena huko ni shilingi ya Kenya. Mie hutumia bei ya siku ya saini.

Bakari:
Mie ya siku ya ankara. Ya saini humwumiza mmoja pesa ikiyumba.

Mwanaisha:
Shukrani, mama. Tumetia saini jana, nakala mbili. Mlango bado umeegemea ukuta wa duka. Mie nasema aliranda mbao mbichi. Yeye asema mbao hizo alizinunua kwangu.