Unatuma shiti imevurugika halafu unasema "isafishe tu". Nisafishe nini?

Wadau nimechoka. Ajenti wa nyumba huku Eastlands ametuma faili ya kodi, ploti za Umoja na Kayole, ujumbe ni "isafishe tu, naitaka leo jioni". Hajasema kama ni ya kuprinti ama ya kuingiza kwa sistimu, hakuna.

Jina la ploti liko kwa seli moja kubwa imeunganishwa kutoka juu hadi kwa mpangaji wa mwisho. Kwa macho iko poa, lakini Excel inaweka hilo jina kwa seli ya juu peke yake, hizo zingine ni tupu, so ukichuja Umoja unapata mtu mmoja. Hiyo naweza, natenganisha najaza. Chenye kimeniwasha ni tarehe. Mtu ameandika 05/04/2024 akimaanisha tano Aprili, laptopu yake iko kwa mtindo wa Marekani, ikasoma Mei 4 na haikulalamika. 15/04/2024 ikabaki maandishi, imelala kushoto, juu hakuna mwezi wa 15. Na watu hulipa kodi kati ya tarehe moja na tano! Kwa hivyo wa Aprili 1 amekuwa Januari 4, wa tarehe mbili Februari 4, na mtu aliyelipa vizuri atafungiwa mlango na kufuli mpya kwa deni halipo.

Halafu kolamu F hadi H zimefichwa, ndani ni namba za vitambulisho na dipoziti za watu. Nikizifuta, salio linaleta #REF!. Nikiziacha, atazituma kwa kila mtu bila kujua.

kijana_wa_donholm: Mbona presha? Chagua kolamu yote, weka fomati ya tarehe, kwisha.

karani_mstaafu: Hapana kijana, fomati inabadilisha sura tu, namba ya ndani inabaki ile ile. Zile za maandishi zipitishe kwa Text to Columns, uchague DMY. Zile zimegeuzwa unazirudisha hivi:

```
=DATE(YEAR(D2),DAY(D2),MONTH(D2))
```

Lakini kwanza angalia zile Excel imezikubali kama tarehe. Kama hakuna hata moja yenye siku imepita 12, huenda zote zimegeuzwa, lakini hakikisha kwanza. Ukipata zimepita, basi zingine ziliingia zikiwa sawa, pengine kwa mashine nyingine, na hiyo fomula itaziharibu.

mama_wa_githurai: Yangu ni namba za simu, sifuri ya mbele imepotea zote, hiyo pia ni tarehe?

karani_mstaafu: La mama, hiyo ilisomwa kama hesabu. Kama zote ni za Kenya na zimebaki tarakimu tisa, rudisha sifuri uziweke kama maandishi.

Mwenye uzi: Karani nimeangalia, kuna kadhaa zimepita 12. Nimemwomba ajenti taarifa ya M-Pesa nilinganishe malipo moja moja, anajibu "si nilisema usafishe tu". Hiyo kolamu siigusi mpaka aitume. Na hizo zilizofichwa bado sijui, kuna mtu hapa hufuta bila kuuliza?