Tupeane uzoefu: fomu ya uhai kwa wastaafu tulio nje, wewe ulisainiwa na nani?

Mstaafu_Ughaibuni
Wakuu, leo bahasha yenye fomu ya kuthibitisha kuwa bado niko hai imefika tena na moyo umenienda mbio. Nalipwa pensheni na nchi niliyoifanyia kazi miaka 22, lakini naishi nchi nyingine. Safari iliyopita malipo yalisimama miezi mitatu kwa sababu ya saini. Waliopitia haya, nani aliwasainia, na mnaletewa kila baada ya muda gani?

Tausi58
Mimi kila mwaka, bila kukosa.

Binti_wa_Mama
Umenikumbusha mbali. Mama alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Fomu ilipokuja, mume wangu ambaye ni daktari akasema, "Nitamsainia mimi." Jumamosi mama akaweka dole gumba pale nyumbani. Jumatatu mume wangu akaenda nayo kazini, akasaini, akagonga muhuri na kuandika tarehe ya siku ile. Tukaituma tukiwa na amani kabisa.

Wiki ya saba ikaja barua: imekataliwa. Shahidi ni mkwe, anwani yake ndiyo ya mama, na tarehe zao hazilingani, maana yake hakumwona akiweka dole. Pensheni ilikuwa imeshasimama, na dawa zake zilitegemea pesa ile. Nililia. Mama yangu yuko hai, nimemshika mkono, halafu karatasi inasema hajathibitika.

Mara ya pili nilimwomba wakili mthibitishaji aje nyumbani. Alitazama pasipoti, akamuuliza mama jina na mwaka wa kuzaliwa, ndipo mama akaweka dole mbele yake. Pembeni akaandika dole hilo ni la nani na kwa nini hakusaini. Jirani akawa shahidi wa pili. Tarehe moja kwa wote. Ilipokubaliwa, malimbikizo yote yaliingia kwa mkupuo.

Tausi58
Pole sana dada. Hiyo ya tarehe ndiyo iliyonikwamisha na mimi.

Simba_Mzee
Lakini daktari ni daktari. Mimi nimesainiwa na mkwe wangu miaka minne, hakuna aliyeuliza.

Karani_Mstaafu
Mzee wangu, hawajauliza kwa sababu majina yenu hayafanani, si kwa sababu inaruhusiwa. Nimeshughulikia karatasi hizi kazini miaka mingi. Kwa pensheni ya serikali ya Uingereza, shahidi hatakiwi kuwa ndugu, mpenzi, wala mtu mnayeishi nyumba moja. Awe na kazi inayotambulika, kama mwalimu, daktari, wakili au ofisa wa benki. Si lazima awe na pasipoti ya Uingereza wala aishi kule. Na fomu irudi ndani ya wiki 16.

Simba_Mzee
Basi mtu asiye na marafiki wenye vyeo afe njaa?

Karani_Mstaafu
Hapana, mzee wangu. Mwalimu wa shule ya jirani anatosha, mradi hamna undugu.

Msafiri_Wa_Zamani
Mnazunguka bure. Ubalozi pekee ndio unaokubalika, na ni kila mwaka kwa watu wote.

Karani_Mstaafu
Ubalozi ni mojawapo tu. Ujerumani, ambako kweli ni kila mwaka, wanapokea pia muhuri wa benki, mthibitishaji au ofisi ya serikali. Marekani ni tofauti kabisa: wanatuma dodoso SSA-7162, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na unasaini mwenyewe bila shahidi. Ila ukiweka alama badala ya saini, wanataka mashahidi wawili. Kwa hiyo soma ukurasa wa shahidi kwenye fomu yako, usifuate ya jirani.

Mama_Wawili
Samahani, mimi nalipwa hapahapa nyumbani na huhakikiwa kwa alama za vidole. Na mimi nitafute wakili?

Tausi58
Hapana mama, hii ni ya walio nje ya nchi inayowalipa.

Mstaafu_Ughaibuni
Nimesoma ukurasa huo. Benki imo, lakini meneja wangu amekataa, anasema hasaini karatasi zisizo za benki. Na nilishasaini jana usiku sehemu yangu.

Binti_wa_Mama
Usiipeleke hiyo, baba! Omba nakala nyingine leo.

Simba_Mzee
Mwachie wakili aandike tarehe ya jana, yaishe.

Karani_Mstaafu
Hapana. Hapo unamfanya wakili aseme uongo, na ikigundulika ni kesi. Piga simu wanaokulipa, waeleze, waandike kumbukumbu kuwa umeomba fomu mpya. Thibitisha na anwani yako, wengi hukatiwa malipo kwa sababu bahasha ilienda nyumba waliyohama. Ukiipata, nenda nayo tupu kwa mthibitishaji, wewe na pasipoti yako. Piga picha kila ukurasa kabla ya kuituma, na uitume kwa rejesta.

Mstaafu_Ughaibuni
Nimepiga. Wamesema fomu mpya inatumwa kwa posta, lakini hawajaniambia kama siku zinahesabiwa upya au zinaendelea zilezile. Kuna aliyewahi kupewa jibu la hilo?