Kumbusho la saa kumi na mbili linafika saa moja kasoro, maji yameshapotea

Ndoo_Tupu:
GitHub, hii huduma ya bure ya kuhifadhi msimbo, inatuchezea. Kazi niliyoipa ni moja tu: kila siku saa kumi na mbili kamili asubuhi nitumie barua pepe, "Fungulia tangi". Mtaani maji huja alfajiri, na ikifika saa moja kasorobo mabomba yanakohoa hewa.

```yaml
on:
  schedule:
    - cron: '0 3 * * *'
  workflow_dispatch:
```

Ratiba inasoma UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 6:00 yetu ni 03:00 yao. Hesabu haina kasoro. Lakini Jumatatu barua imefika 6:24, Jumanne 6:41, Jumatano haikuja kabisa! Nikibonyeza `Run workflow` kwa mkono inafika papo hapo, kwa hiyo msinieleze habari za nenosiri. Hii ni ratiba ama ni bahati nasibu?

Kaka_Pangani:
Makosa ni yako, bosi. Saa ya Kiswahili na ya kompyuta zinapishana kwa sita. Toa sita, andika `'0 0 * * *'`. Na hiyo dakika sifuri iondoe, kila mtu duniani ameiandika.

Fundi_wa_Usiku:
Kaka, ukitoa sita barua itamwamsha saa tisa usiku. Yeye ameshageuza kumi na mbili kuwa 6:00, kilichobaki ni kutoa tatu tu. Kuhusu dakika sifuri, hapo umesema kweli. Kazi za watu wengi huangukia mwanzo wa saa, foleni inakuwa ndefu, zako zinasubiri. Foleni ikizidi, nyingine hutupwa kimya kimya. Wenye huduma wameyaandika hayo katika maelezo yao, kwa hiyo hasira ni halali lakini ahadi ya dakika kamili haikuwahi kuwepo.

Ndoo, kwanza jua ni ugonjwa gani. Fungua `Actions` utazame Jumatano. Kama hakuna mstari wowote wa siku hiyo, kazi ilitupwa. Kama mstari upo na ni wa kijani, tatizo liko upande wa barua: angalia `Spam`. Kwa zile zilizochelewa, kwenye Gmail bonyeza `Show original`, usome `Created at`. Ikiandika 6:41 na kwamba imefika baada ya sekunde chache, basi posta haina hatia, kazi yenyewe ndiyo ilichelewa kuanza.

Ndoo_Tupu:
Jumatano hakuna mstari. Jumanne ni 6:41, sekunde 2. Sasa?

Fundi_wa_Usiku:
Anza mapema kwa dakika isiyopendwa, kisha kazi ijisubirie yenyewe. Weka `'17 2 * * *'`, yaani 5:17 ya Nairobi, na kabla ya hatua ya kutuma barua weka hii:

```bash
lengo=$(date -u -d '03:00' +%s)
sasa=$(date +%s)
if [ "$sasa" -lt "$lengo" ]; then
  sleep $((lengo - sasa))
fi
```

Ikianza kwa wakati, italala dakika 43. Ikichelewa nusu saa, italala 13, na barua bado itaondoka saa kumi na mbili. Ikipitiliza lengo, inatuma mara moja. Ila kama ripo ni ya faragha, usingizi huo unahesabiwa: 43 mara siku 31 ni dakika 1,333 kati ya 2,000 za bure kwa mwezi.

Binti_Umoja:
Huku kwetu maji ni Alhamisi peke yake. Wewe unapata kila siku na bado unalia?

Mzee_Tokeni:
Yangu ilikuwa inafika vizuri, halafu ikanyamaza moja kwa moja. Sikugusa kitu.

Fundi_wa_Usiku:
Kutogusa ndiko kulikoizima, mzee wangu. Ripo ya wazi ikikaa siku 60 bila shughuli, ratiba huzimwa. Ingia `Actions`, chagua hiyo kazi, bonyeza `Enable workflow`. Kisha badilisha chochote ndani ya ripo kabla siku 60 nyingine hazijaisha.

Kaka_Pangani:
Au roboti ikubadilishie yenyewe kila mwezi.

Fundi_wa_Usiku:
Wapo wanaofanya hivyo. Mimi siipendi, ni kumdanganya mwenye nyumba anayekulaza bure.

Ndoo_Tupu:
Sawa, kuchelewa kumepata dawa. Na kutupwa je? Ikitupwa hiyo ya 5:17, usingizi utanisaidia nini?

Fundi_wa_Usiku:
Haukusaidii. Ongeza mstari wa pili wa `cron`, `'38 2 * * *'`. Siku nyingi utapata barua mbili, na dakika za usingizi zitaongezeka, kwa hiyo ripo iwe ya wazi, na anwani yako ikae kwenye `Secrets`. Zikitupwa zote mbili, sina la kukwambia.

Ndoo_Tupu:
Barua mbili za kunikumbusha bomba moja. Haya, nimeziweka. Kesho nikikuta tangi kavu narudi hapa hapa.