Boti ya kanuni au ya modeli ya lugha kwa maswali yale yale?

Muulizaji: Nina maswali kama 40 ya wateja, na majibu yake hayabadiliki. Nataka boti, yaani programu ya kuwajibu yenyewe kwa maandishi. Nitumie ya kanuni au ya modeli ya lugha?

Kipanga: Ya kanuni, bila kusita. Haikosei, inasema ulichoiandikia tu. Modeli inatunga. Mwaka 2024 baraza la kuamua migogoro la British Columbia, Kanada, liliiamuru kampuni ya ndege ya Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na boti yao kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Modeli ya lugha hiyo!

Mama Seva: Hukumu ile haikusema boti ilikuwa ya aina gani, kampuni haikulieleza baraza. Na kanuni nayo hukosea, ila kwa namna yake: hutoa jibu sahihi kwa swali la mwingine. Tazama hii:

```python
if "fungua" in swali:
    jibu = "Tunafungua saa 2 asubuhi."
```

"Mnafungua saa ngapi?" inanaswa. "Mbona hamfungui mapema?" inapita, maana kitenzi kimeishia na i. Ukikata neno libaki "fungu", utalinasa hilo, pamoja na "kifungu cha mkataba". Halafu anakuja mtu: "Nimeshindwa kufungua akaunti." Anaambiwa saa 2 asubuhi. Kitenzi chetu kinavaa viambishi mbele na nyuma, ukianza kuvifukuza kimoja kimoja hutamaliza.

Nundu: Mimi niliweka modeli kwenye huduma yangu ya miadi. Mteja akauliza kama anaweza kughairi, ikamjibu "ndiyo, ndani ya siku 7". Sharti hilo hatujawahi kuwa nalo! Wiki nzima naomba radhi. Hivi, hizi modeli zinaweza kunichorea nembo pia?

Mama Seva: Nembo ifungulie mada yake, ndugu yangu. Kwa haya 40, kama wateja watakubali kubofya, weka vitufe tu. Hakuna kuandika, kwa hiyo hakuna cha kunasa, na kanuni inatosha kabisa. Wakitaka kuandika wenyewe, ipe modeli kazi moja: isome swali, irudishe namba yake kati ya 1 na 40, au 0 kama halimo. Jibu lenyewe litoke kwenye faili lako, neno kwa neno. Ikija 0, mteja apelekwe kwa mtu. Siku 7 za Nundu zisingepata pa kutokea. Bado inaweza kuchagua namba isiyo yake, kwa hiyo ijaribu kwa maswali 100 waliyoandika wateja, si uliyoyabuni wewe. Waliojibiwa kimakosa wahesabu mbali na waliokosa jibu. Aliyekosa jibu atauliza tena; aliyejibiwa kimakosa anaondoka akiamini.

Kipanga: Na akiuliza mawili kwa mpigo? "Mnafungua saa ngapi, na nikighairi narudishiwa hela?"

Mama Seva: Iruhusu irudishe namba mbili. Ila nakiri, hapo nimeiona ikilisahau la pili, na sijapata dawa inayoniridhisha.

Kipanga: Basi vitufe.

Nundu: Wateja wangu hawabofyi, wanatuma sauti.