Mrejesho: Ujumbe wa kazi zinazochelewa
Niliuliza: "Mimi ni mhadhiri hapa Tabora, niandikeje kuhusu kazi zinazochelewa ili adhabu na misamaha vieleweke bila mabishano?"

Nawashukuru mlionishauri. Kiini cha ugomvi kilikuwa maneno yangu mwenyewe: "saa sita usiku Ijumaa" wengine walielewa usiku wa kuamkia Ijumaa na wengine wa kuamkia Jumamosi, na "asilimia 10 kwa siku" haikusema ni asilimia 10 ya nini.

Sasa nimeandika: "Mwisho wa kupokea kazi ni Ijumaa saa 11 jioni. Kazi ya alama 20 itapunguzwa alama 2 kwa kila saa 24 za kuchelewa, au sehemu ya saa hizo, na baada ya siku 5 haitapokelewa. Hatapunguziwa alama mgonjwa mwenye cheti cha daktari, wala aliyefiwa na mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye, mradi aniandikie ndani ya siku 3 tangu dharura itokee."

Mwanafunzi mmoja aliyestahili 14 alichelewa saa 26, yaani siku 2 kwa hesabu hiyo, akabaki na 10, na alikokotoa mwenyewe kabla sijamwambia. Kwa maneno ya zamani angeweza kudai 11.2, kwa kukata asilimia ya alama alizopata.

Kukatika kwa umeme sikukuweka katika misamaha, kwa sababu siwezi kukuthibitisha kwa kila mtaa. Ndiyo maana nimechagua saa ya jioni, ambapo kazi iliyochapwa bado inaweza kuletwa ofisini.