Tupeane uzoefu: salio la dawa matawini haliendani na la makao makuu

Mtunza_Stoo
Wadau, habari za kazi. Nasimamia dawa kwenye kliniki yenye matawi kadhaa na stoo kuu moja. Kompyuta za matawini zinafanya kazi hata mtandao ukikatika, ukirudi zinatuma taarifa makao makuu. Sasa angalieni kilichotokea kwenye kapsuli za amoksilini za miligramu 250. Asubuhi tawi na makao makuu wote walisoma 400. Mtandao ukakatika. Tawi likawapa wagonjwa kapsuli 60, kwao ikabaki 340. Muda huohuo stoo kuu ilishafikisha 200 pale tawini na karani wa makao makuu akaziingiza, kwake ikawa 600. Mtandao uliporudi, makao makuu ikasoma 340, na rafuni tumehesabu 540. Hakuna aliyeiba. Mliopita njia hii mlitokaje?

Mzee_wa_Seva
Saa za kompyuta hazilingani, mkuu. Kila rekodi iwe na muda wake, na iliyoandikwa mwisho ndiyo ichukuliwe.

Fundi_Leja
Mzee, muda unahitajika, lakini "ya mwisho ndiyo ichukuliwe" ndiyo kanuni iliyofuta zile 200. Tawi liliandika 340 bila kujua kwamba kuna mzigo umeingizwa kwingine.

Mtunza_Stoo, tawi lako linatuma salio. Litume matukio: "tumetoa 60", "tumepokea 200", kila moja na namba ya bechi na saa ilipotokea. Makao makuu ijumlishe yenyewe: 400, toa 60, ongeza 200, ni 540. Hata yakifika kwa mpangilio tofauti, jumla haibadiliki. Ni kadi ya stoo ileile ya zamani, kila mstari unabaki na hakuna anayefuta.

Ukishafika hapo, utakutana na tatizo la pili. Tawi linatuma "tumetoa 60", seva inapokea, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Tawi linadhani haikufika, linatuma tena. Unapata 480 badala ya 540. Dawa yake ni kila tukio kupewa kitambulisho cha pekee palepale tawini, dawa inapotolewa, na seva ikatae kukiandika mara mbili. Kwenye PostgreSQL, `move_id` ikiwa ufunguo mkuu wa jedwali:

```sql
INSERT INTO stock_moves
  (move_id, branch_id, item_id, batch_no, qty, moved_at)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5, $6)
ON CONFLICT (move_id) DO NOTHING;
```

Kitambulisho kisitengenezwe wakati wa kutuma, maana kila jaribio litakuja na kipya na ulinzi wote unapotea.

Dada_Dirishani
Kwetu pia hailingani, ila mtandao ni mzima. Stoo wanaandika masanduku, sisi dirishani tunatoa kapsuli. Tulipokea masanduku mawili ya kapsuli 100, mfumo ukaandika 2. Tukihudumia wagonjwa wachache tu, salio linakwenda chini ya sifuri.

Fundi_Leja
Dada, hilo lako ni la vipimo. Leja nzima ihesabu kipimo kidogo kabisa, yaani kapsuli, na sanduku libadilishwe wakati wa kupokea kwa idadi iliyoandikwa kwenye sanduku lenyewe, kwa sababu watengenezaji hawafungashi sawa. Utalitambua mapema: hapo salio lako limepungua 198, yaani masanduku mawili kasoro kapsuli mbili. Tofauti ya namna hiyo haifanani na ya mtandao.

Msimamizi_Matawi
Niongeze la mizigo ya tawi kwa tawi. Sisi dawa zikishatoka tawi la kwanza, zinaingia kwenye stoo ya kimfumo tuliyoiita "njiani". Zinatoka humo pale tu anayepokea anapohesabu na kuthibitisha. Zikitumwa 200 zikafika 180, zile 20 zinabaki njiani kwa jina la mzigo ule, na tunajua tumuulize nani. Mtunza_Stoo, hata karani wenu hakupaswa kuongeza 200 kwenye salio la tawi. Hiyo ni kazi ya aliyezipokea.

Mtunza_Stoo
Hilo la njiani limenigusa, kwetu mzigo unaandikwa umefika kabla gari halijaondoka. Swali: salio likionyesha sifuri na dawa iko mkononi, mfumo uzuie?

Msimamizi_Matawi
Uzuie. Ukiruhusu hasi, watu wanaacha kuingiza mapokezi.

Dada_Dirishani
Mgonjwa yuko mbele yangu na dawa naishika, nimrudishe kwa sababu ya kompyuta? Nikizuiwa nitaandika kwenye daftari, na hiyo hamtaiona kabisa.

Fundi_Leja
Niko na Dada. Ruhusu hasi, lakini itoe taarifa siku hiyohiyo, maana karibu kila mara kuna pokezi halijaingizwa au imechaguliwa bechi isiyo sahihi. Dawa zinazodhibitiwa kisheria ndizo ningezuia.

Msimamizi_Matawi
Kwenye hizo tunakubaliana. Kwa nyingine bado nazuia, na kabla ya kuhesabu rafu nasubiri tawi limalize kutuma matukio yote yaliyokwama.